Ndiyo au Hapana: Kumuuliza Mkubwa Asiye na Nafasi

Katika ofisi za serikali nchini Tanzania, madokezo mengi hufungwa kwa maneno mawili: naomba kuwasilisha. Ofisa amejaza kurasa mbili ndani ya jalada. Ameeleza tatizo lilivyoanza, nani alisema nini kwenye kikao, barua ipi ipo folio ya ngapi. Anatia saini, jalada linapanda kwa mkurugenzi. Siku kadhaa baadaye linarudi, na chini ya aya ya mwisho kuna mwandiko wa haraka: Nimeona.

Ofisa anakaa na jalada lake mezani, hajui afanye nini. Anaona amepuuzwa. Lakini ukisoma dokezo lake upya utaona kwamba mkubwa amejibu barabara kile alichoombwa. Aliletewa habari, akaipokea, akasema ameipokea. Mahali popote katika kurasa zile mbili hapakuwa na swali. Wengine huongeza "naomba maelekezo yako", na hao hurudishiwa neno jingine maarufu, "Tujadili", ambalo maana yake ni kwamba jambo limeahirishwa hadi siku ambayo wote wawili watapata nafasi kwa wakati mmoja.

Kuomba maelekezo kunaonekana ni adabu. Kwa mtu mwenye majalada thelathini mezani, ni kumtwisha kazi. Anatakiwa asome historia yote, abaini tatizo liko wapi, abuni njia za kulitatua, apime gharama ya kila njia, achague mojawapo, halafu aandike. Kati ya kazi hizo zote, ni moja tu ambayo kwa kweli ni yake peke yake, nayo ni kuchagua. Nyingine angeweza kuzifanya yule aliyeuliza, tena kwa ubora zaidi, maana yeye ndiye aliye karibu na tatizo. Swali linalojibika kwa ndiyo au hapana ni swali ambalo muulizaji amekwisha kuzifanya kazi hizo na kumwachia mkubwa ile moja.

Tuchukue mfano, nami nitautunga kutoka mahali ambapo maswali ya namna hii huulizwa kila wiki. Kituo cha afya cha vijijini kina friji ya chanjo. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Zikipata joto huharibika, na baadhi yake, kama ile ya pepopunda, huharibika pia zikiganda. Alfajiri moja friji imezima na haiwaki. Mganga mfawidhi wa kituo anamwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye wakati huo ameketi kwenye kikao cha bajeti na simu yake iko mapajani.

Ujumbe wa kwanza unakuja saa 2 asubuhi: "Shikamoo Daktari." Halafu kimya. Mfawidhi anasubiri aitikiwe kabla hajaendelea, kama ambavyo angefanya barazani. Saa 2:40 anaitikiwa marahaba. Ndipo anapoandika: "Samahani kwa usumbufu Daktari, najua uko na majukumu. Tuna changamoto ya friji ya chanjo tangu usiku. Tumempigia fundi hapatikani. Hali si nzuri. Tunaomba maelekezo yako."

Sasa mkubwa afanye nini? Hajui joto limefika ngapi. Hajui chanjo ziko wapi kwa sasa, wala kama msimamizi wa chanjo wa halmashauri ameambiwa. Atauliza "Joto ngapi?" na kurudi kusikiliza bajeti. Atajibiwa. Atauliza "Msimamizi anasemaje?" Atajibiwa. Kila swali na jibu lake linakula nusu saa, kwa sababu kila mmoja ana mambo mengine mkononi. Hadi saa 5 bado hakuna uamuzi, na wote wawili wamechoka.

Mfawidhi huyohuyo angeweza kuandika hivi, mara moja:

"Shikamoo Daktari. Naomba ruhusa ya kutumia gari la wagonjwa kwa safari moja. Friji yetu ya chanjo imezima alfajiri. Chanjo nimeshazihamishia kwenye vyombo vya kubebea vyenye pakiti za barafu. Joto ndani ni nyuzi 5 na zitakaa salama hadi jioni. Msimamizi wa chanjo amekubali zihamie kituo cha jirani, kilometa 12, na mfawidhi wa huko ana nafasi kwenye friji yake. Msimamizi yuko mbali na gari lake. Gari letu litakuwa nje kwa saa moja na nusu. Wodini kuna mama mmoja, uzazi wa kwanza, njia imefunguka sentimita 4, anaendelea vizuri. Hakuna anayesubiri rufaa. Je, unaruhusu gari liende? Usiporuhusu, nitakodi pikipiki na kuzipeleka kwa safari mbili. Naomba jibu kabla ya saa 6 mchana."

Ujumbe huu ni mrefu kuliko ule wa kwanza, na hapo ndipo wengi wanapokosea wanaposikia kwamba mkubwa anataka ufupi. Kinachotakiwa kuwa kifupi ni jibu. Swali linaweza kuwa na mistari kumi, mradi kila mstari uwe unaondoa swali ambalo mkubwa angelazimika kuliuliza.

Angalia mfawidhi alivyogawa mambo. Kuhamisha chanjo kwenye vyombo vya kubebea hakukuhitaji ruhusa ya mtu. Ni kazi yake na anaijua, hadi kuziacha pakiti za barafu zianze kuyeyuka kwanza ili zisije zikazigandisha chanjo. Kwa hiyo amefanya na kutoa taarifa tu. Chanjo ziende wapi ni suala la msimamizi, naye ameshaulizwa. Kilichobaki baada ya kupepeta yote ni gari, kwa sababu hakuna mwingine mwenye mamlaka ya kukiacha kituo bila gari la wagonjwa kwa saa moja na nusu. Kwa Mganga Mkuu limefika swali la gari tu, na limefika likiwa kwenye sentensi ya kwanza baada ya salamu, ili hata akiusoma mwanzo tu wa ujumbe ajue anaombwa nini.

Salamu yenyewe imebaki. Sioni sababu ya kumvunjia mtu heshima ati kwa kuokoa muda, na katika maeneo mengi ya kwetu ujumbe usio na shikamoo kwa aliyekuzidi umri husomwa kama ugomvi. Lakini salamu na haja vimekuja katika ujumbe mmoja. Kwenye simu, shikamoo iliyotumwa peke yake inamdai mtu jibu kabla hajajua anaitiwa nini.

Halafu kuna yule mama. Mfawidhi angeweza kumwacha nje ya ujumbe, na ndiyo ingepatikana haraka zaidi. Angekuwa amempokonya mkubwa wake uamuzi. Mama mwenye uzazi wa kwanza anaweza kuendelea vizuri asubuhi na mchana akahitaji rufaa. Hiyo ndiyo gharama ya kuliondoa gari, na anayeruhusu anatakiwa kuijua. Mtu anayejibu kwa neno moja anajibu kwa kuuamini mkono ulioandika. Ukificha upande mmoja mara moja tu na ikagundulika, kuanzia hapo kila swali lako litarudi na maswali kumi, hata kama umeliandika vizuri namna gani.

Mganga Mkuu anaweza kujibu: "Hapana. Gari libaki kwa ajili ya mama. Kodi pikipiki." Kazi inaendelea dakika hiyohiyo. Hapa ndipo mimi huona kipimo cha swali zuri: jifikirie umejibiwa hapana, je, unajua utafanya nini baadaye? Ikiwa hapana inakurudisha pale ulipoanza, basi hukuuliza swali la ndiyo au hapana. Uliomba ndiyo. Na mkubwa mwenye uzoefu hulihisi hilo, ndiyo maana huliweka swali pembeni. Anajua akikataa atakuwa amejitengenezea kazi ya kutafuta njia nyingine.

Utaratibu huu umetumika hadi kwenye ofisi kubwa kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Henry Kissinger alikuwa akimpelekea Rais Richard Nixon wa Marekani madokezo kuhusu mambo ya nje, na mengi ya hayo yalikuwa na mistari chini yake kwa ajili ya alama ya rais: mmoja wa kukubali, mmoja wa kukataa. Juu ya mistari hiyo kulikuwa na maelezo ya suala, njia zinazowezekana, na pendekezo la mshauri. Rais alisoma, akatia alama, dokezo likaondoka.

Njia hiyo inampa nguvu kubwa anayeandika. Yeye ndiye anayeamua ni swali gani litafika mezani, na ni njia zipi zitatajwa. Akiandika kwamba kuna njia tatu, mbili zikiwa za kichaa, mkubwa atachagua ya tatu huku akidhani ameamua mwenyewe. Hakuna kanuni ya ofisi inayoweza kulizuia hilo kabisa. Kinachosaidia ni kutaja mtu anayepinga: "Mhasibu haafiki, anasema fungu hili halitoshi." Sentensi moja ya namna hiyo inamwonyesha mkubwa mahali pa kugonga iwapo ana shaka, na bado anaweza kujibu kwa neno moja.

Yapo maswali, hata hivyo, ambayo ni hatari kuyafanya rahisi kujibu. Mfano mzito ninaoujua ni wa tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan American, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, ndani ya ukungu mzito. Hazikutakiwa hata kuwa pale. Zilielekezwa huko baada ya bomu kulipuka katika uwanja wa Gran Canaria. Rubani mkuu wa KLM, Jacob van Zanten, alikuwa miongoni mwa marubani wakubwa kabisa wa shirika lake, mtu aliyewafundisha wengine kurusha aina hiyo ya ndege. Alikuwa na haraka, kwani saa za kazi zilizoruhusiwa kwa wahudumu wake zilikuwa zikienda ukingoni.

Alianza kuikimbiza ndege bila kuruhusiwa kupaa. Kwenye redio zilisikika sauti za mnara na za Pan American, na mhandisi wa ndege aliyekaa nyuma ya rubani akasikia jambo lililomtia shaka: Pan American walisema watatoa taarifa watakapotoka njiani. Maana yake bado wamo. Mhandisi akauliza, kwa muundo wa kukanusha, kama ile ndege ya Pan American haijatoka njiani. Rubani akamjibu kwa mkazo kwamba imetoka. Hakuna aliyesema zaidi. Sekunde chache baadaye ndege hizo ziligongana. Walikufa watu 583, na hadi leo ni ajali iliyoua watu wengi kuliko nyingine yoyote ya ndege.

Swali la mhandisi lilikuwa fupi, la heshima, na lilijibika kwa neno moja. Kwa vigezo tulivyoviona juu lingeonekana zuri. Kasoro yake ni kwamba yeye alikuwa na habari ambayo rubani hakuwa ameizingatia, na habari hiyo ilibaki moyoni mwake. Akamwuliza mkubwa jambo ambalo mkubwa hakuwa na njia ya kulijua: nje palikuwa na ukungu, hakuna aliyeona kitu. Rubani alijibu kutokana na kile alichokuwa anakiamini tayari, na ukali wa jibu lake ukafunga mlango.

Mwaka 1979 shirika la NASA liliitisha warsha kuhusu ajali zinazotokana na namna watu wanavyofanya kazi pamoja ndani ya chumba cha rubani, na kutoka huko yakakua mafunzo ambayo leo marubani duniani hupitia. Moja ya mambo wanayofundishwa walio chini ni kusema kwanza walichokiona au kukisikia, kisha wapendekeze hatua. "Pan American wamesema bado hawajatoka. Tusimame tuulize mnara?" Hilo nalo ni swali la ndiyo au hapana. Lakini rubani hawezi kulijibu kwa imani yake tu. Lazima kwanza akutane na ile habari, na kinachoombwa ni uamuzi ambao kweli uko mikononi mwake.

Ofisini hatari si ya watu mia tano, lakini mwenendo ni uleule. Kijana wa manunuzi anajua kwamba mzabuni aliwahi kuchelewesha kazi mbili, halafu anamwuliza mkurugenzi akiwa anaingia kwenye gari: "Huyu mzabuni hana shida, bosi?" Anajibiwa "Hana." Kijana anajipa moyo kwamba ameuliza. Hakuuliza. Alitafuta kichaka cha kujifichia.

Swali la mhandisi linatufikisha pia kwenye umbo la kukanusha, ambalo kwa Kiswahili lina mtego wake. Ukimwuliza mtu "Hundi haijasainiwa?" naye akajibu "Ndiyo", umepata nini? Wengi wetu tungeelewa kwamba ndiyo, haijasainiwa. Mwenzako aliyekaa sana na Waingereza anaweza kuwa na maana tofauti kabisa. Uliza "Hundi imesainiwa?" na mtego umeondoka. Mwingine ni wa maswali mawili ndani ya ujumbe mmoja. "Tuwaalike wazazi Jumamosi, au tusubiri matokeo, na chakula tuagize?" Jibu linakuja: "Sawa." Kila mwenye simu ameshapata sawa ya namna hii, na amelazimika kurudi kuuliza tena, jambo linalomchosha mkubwa kuliko ambavyo ungemletea swali moja leo na jingine kesho.

Wako pia wanaopenda kumalizia hivi: "Nisiposikia kutoka kwako hadi Ijumaa, nitaendelea." Kwa mambo madogo yaliyo ndani ya mamlaka yako, ambayo yanaweza kurekebishwa Jumatatu bila hasara, ni njia nzuri, na wakubwa wengi huipenda kwa sababu inawaruhusu kunyamaza. Kupanga viti, kubadili saa ya kikao, kutuma rasimu kwa idara jirani ili waisome. Kwa fedha, ajira, nidhamu na chochote kinachohitaji saini, usithubutu. Mkaguzi hatapokea ukimya kama idhini, na mkubwa aliyekuwa kitandani na homa siku hiyo ya Ijumaa hatakutetea.

Yapo mambo ambayo hayaingii kabisa katika umbo hili. Ukiwa hujui tatizo ni nini, ukiwa umeona dalili tu, usijilazimishe kubuni pendekezo ili swali lionekane limekamilika. Utakuwa umemfunga mkubwa ndani ya kosa lako. Hapo omba muda wake, lakini uombe kwa namna ambayo yenyewe inajibika: "Mapato ya stendi yameshuka miezi mitatu mfululizo na sijui sababu. Naweza kupata dakika 15 Alhamisi, kabla au baada ya kikao chako cha saa 4?" Hata hapa ni bora uchague mwenyewe: "baada ya kikao chako". Ukimpa mawili utajibiwa "Sawa".

Jibu likishapatikana kwa mdomo, kazi ya muulizaji haijaisha. Mtu aliyejibu maswali ishirini akitembea koridoni hatakumbuka la kumi na tatu, na miezi sita baadaye atasema kwa nia njema kabisa kwamba hakuruhusu. Siku hiyohiyo mwandikie mstari mmoja: "Kama ulivyoruhusu leo saa 4:10, gari limeondoka na litarudi saa 6." Kisha uweke ndani ya jalada lenye suala hilo. Hilo linamlinda yeye kama linavyokulinda wewe, maana kama ulimwelewa vibaya, atauona mstari huo na kukusahihisha wakati gari bado liko karibu.

Nanyi mnaoulizwa, neno "Nimeona" liacheni kwa taarifa tupu. Msaidizi akikuletea swali lililokamilika, lenye pendekezo na gharama yake, mjibu ndiyo au hapana kwa herufi kamili na uweke tarehe. Ikiwa hujasoma, mwambie hujasoma. Atakuja tena kesho, na atakuwa anajua amesimama wapi.